Orodha iwe wazi, maneno yabaki yake: kukubaliana na kijana kuhusu chati zake

"Binti yetu ana miaka 14, ana simu mwezi wa tatu sasa. Baba yake anataka tusome chati zake zote kila wiki. Mimi naona tutamharibu, na yeye mwenyewe keshaanza kuigeuza simu kifudifudi tukipita. Tukubaliane vipi nini tukague na nini tusiguse, na hayo maongezi naanzaje?"

Tenganisheni kwanza vitu viwili ambavyo wazazi wengi huvichanganya: orodha ya watu anaochati nao, na maneno waliyoandikiana. Kwa umri huo hatari mara nyingi huonekana kwenye orodha mapema kuliko ndani ya chati. Ni namba isiyo na jina, ni mtu mzima ambaye hakuna anayemfahamu, ni grupu aliloingizwa na mtu asiyemjua. Maneno ya ndani kwa sehemu kubwa ni ya kwake na wenzake: wamegombana, wamepatana, kuna anayempenda mtu darasani, kuna ambaye wazazi wake wanatengana na hajamwambia mwingine. Pendekezo langu kwenu ni orodha iwe wazi wakati wote, na maneno yabaki yamefungwa mpaka itokee moja ya sababu mlizokubaliana kabla.

Mstari huo sijauchora mimi peke yangu. Anayesimamia akaunti ya kijana kwenye Instagram huona amechati na nani ndani ya siku 7 zilizopita, lakini hasomi kilichoandikwa. Snapchat wana utaratibu wa namna hiyo tangu 2022, wanauita Family Center. Family Link ya Google huonyesha programu zinazotumika na kwa muda gani, meseji haigusi. Mwambie baba yake hivyo, huenda ikamsaidia kuona kwamba hudekezi mtoto.

Na mwambie pia kwa nini kusoma zote hakufanyi kazi. Grupu moja la wanafunzi linaweza kuzalisha mamia ya meseji kwa siku. Atasoma wiki ya kwanza, ya pili atapitia juu juu, na jicho litanasa matusi na utani mchafu, kwa kuwa ndivyo vinavyomuudhi mzazi. Ugomvi wa nyumbani utakuwa juu ya hilo tusi, na ile namba ngeni iliyoandika "umeamkaje mrembo" siku tisa mfululizo itapita bila kuonwa. Ujumbe wa mtu mwenye nia mbaya mwanzoni huwa na adabu kuliko wa rafiki wa kweli.

Kuna na ile njia ya mkato, ya kuichukua simu usiku na kuunganisha WhatsApp yake na kompyuta ya mzazi. Kitaalamu inawezekana, na chati zitaanza kuonekana kwenu. Lakini hicho kifaa kitaandikwa kwenye simu yake chini ya Linked devices, pamoja na saa kilipotumika mara ya mwisho, na vijana hupajua mahali hapo. Akikigundua hatagomba. Atafungua akaunti nyingine au atahamia programu nyingine, nanyi mtaendelea kusoma akaunti iliyobaki na salamu za shangazi tu. Mkiona chati zimekuwa safi ghafla, hakuna kulalamika, hakuna utani, jueni maongezi yamehama.

Kabla ya kumwita, nyinyi wawili mmalize tofauti zenu. Mtoto wa miaka 14 akiona ufa kati ya mama na baba, mkataba utakuwa wa mzazi mmoja. Na kama mmeshawahi kuichungulia simu yake, semeni siku hiyo hiyo, nyinyi mwanze. Huenda anajua tayari, na ndiyo maana anaigeuza.

Msianze siku mliyomkuta na kosa. Chagueni wakati hakuna aliyekasirika, na simu iwe mkononi mwake, si mezani mbele yenu kama ushahidi wa kosa. Mnaweza kusema hivi: "Mwanangu, tulikupa simu bila kukubaliana tutaangalia nini, hilo ni kosa letu. Hatutaki kusoma mnayoandikiana na marafiki zako. Tunataka kujua ni watu gani wanaweza kukufikia. Wewe ungependa nini kisiguswe kabisa?" Halafu mnyamaze. Swali la mwisho ndilo linalobeba maongezi, na wazazi wengi hulijibu wenyewe kabla mtoto hajafungua mdomo. Atakachotaja, hata kama ni grupu la marafiki watatu tu, kiandikeni.

Sentensi ya kuepuka ni "kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Ana cha kuficha, na si kibaya: mwili unaobadilika, rafiki aliyelia naye usiku, aibu ya jana. Ukiisema unamfundisha kwamba faragha ni dalili ya hatia, na hatakwambia chochote kinachomtia aibu. Wanaowatisha watoto kwa picha wanategemea aibu hiyo hiyo.

Ukaguzi wenyewe uchukue kama dakika 10 kwa wiki, siku inayojulikana. Simu anashika yeye, wewe unakaa pembeni yake. Anateremsha orodha ya chati polepole na kusema huyu ni nani, mmejuana wapi. Apitie na Archived. Locked chats ni jambo la kujadili, maana WhatsApp inaruhusu chati zilizofungwa zifichwe kabisa, zisionekane mpaka mtu aandike msimbo wa siri kwenye sehemu ya kutafuta. Mimi ningemruhusu afunge chati ili wadogo zake wasisome, ila majina yaliyomo ayataje. Kisha mwangalie pamoja Linked devices, safari hii kwa faida yake, kwa sababu rafiki au mpenzi naye anaweza kuwa ameunganisha simu hiyo kwake. Mwisho, Settings, Privacy, Groups: iwe My contacts, ili mtu asiyemfahamu asimwingize kwenye grupu moja kwa moja.

Meseji zinazofutika zenyewe zinahitaji kipengele chake. WhatsApp inaruhusu saa 24, siku 7 au siku 90, na upande wowote wa chati ya watu wawili unaweza kuwasha. Kwa marafiki anaosoma nao sioni sababu ya kukataza. Kwa mtu mpya ikatazwe, kwa kuwa akimtisha Jumatatu, ikifika Jumatano hamna ushahidi.

Ukaguzi huu una tundu, na ni vizuri mlijue: chati nzima inaweza kufutwa dakika mbili kabla hamjakaa, na kwenye orodha hutaona dalili. Ndiyo maana uzito uko kwenye maswali. Ulizeni kila wiki, kwa sauti ya kawaida, nani mpya, na kama kuna aliyemwomba wahamie programu nyingine.

Sababu za kufungua maneno ziwe chache, tatu zinatosha. Mtu asiyejulikana nyumbani ameomba picha, pesa, siri, kukutana au kuhamia programu nyingine. Kuna vitisho. Kuna maneno ya kujiumiza, yawe yake au ya rafiki. Likitokea, mzazi anataja sababu kwanza, inafunguliwa chati hiyo moja tu, yeye akiwepo, na ya marafiki mliyoyasoma kwa bahati hayapelekwi kwa wazazi wao isipokuwa pana hatari.

Chukueni mfano. Jumapili anateremsha orodha, kuna namba bila jina. Anasema ni rafiki wa rafiki, wamekutana kwenye gemu. Unauliza rafiki yupi, anasita. Unauliza kama amemwomba wahamie kwingine, anasema ndiyo, ila hakukubali. Hapo sababu imetimia: "Huyu hatumjui na anataka muwe mahali pa faragha zaidi. Tulikubaliana hii tunaifungua. Soma wewe, nitasikiliza." Anaposoma unaona huyo mtu aliwasha saa 24 siku ya pili, ameandika "usimwambie mama, hataelewa", na jana ameomba picha.

Wengi hapa hukosea kwa kufuta na kubloku papo hapo kwa hasira. Kwanza pigeni picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na maneno, na upesi, maana saa 24 zinakimbia. Kisha Report, ambayo hupeleka kwa WhatsApp meseji 5 za mwisho kutoka kwa mtu huyo. Block ije mwisho. Msimjibu mkijifanya yeye.

Kama picha ya mwili wake ilishatumwa, hiyo picha yenyewe msiipige wala kujitumia kwenye simu ya mzazi. Katika nchi nyingi kuwa nayo ni kosa, hata kwa mzazi mwenye nia njema. Hifadhini maneno na namba, msilipe chochote akidai pesa, kwa kuwa anayelipwa mara moja hurudi, na nendeni polisi. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Hutengeneza alama ya kidijitali ya picha kwenye simu yenyewe bila picha kutoka, na mitandao iliyojiunga huitumia kuitambua na kuiondoa.

Na siku hiyo msimnyang'anye simu. Hili liandikeni kabisa: "Nikisema mwenyewe, simu haichukuliwi." Bila sentensi hiyo, bei ya kusema ukweli ni kukatwa na marafiki zake wote, naye atahesabu haraka kuliko nyinyi.

Karatasi yenyewe isizidi ukurasa. Inaweza kusomeka hivi: "Orodha ya chati inaangaliwa Jumapili, mimi nikishika simu. Grupu la sisi watatu haliguswi. Maneno yanafunguliwa kwa sababu tatu tu, na naambiwa ipi. Hakuna anayechukua simu yangu nikiwa nimelala. Mtu mpya nitamtaja kabla ya Jumapili. Nikisema mwenyewe, simu haichukuliwi." Wekeni tarehe ya kuipitia upya baada ya miezi mitatu, na siku hiyo yeye ndiye aanze kusema nini kipunguzwe. Ikiwa miezi mitatu imepita bila namba ya kutia shaka, mimi ningeanza kwa kuufanya ukaguzi uwe wa kila wiki mbili.