Maswali na majibu: BIOS iliyokatikiwa umeme

Nilikuwa nasasisha BIOS, umeme ukakatika. Sasa feni zinazunguka lakini skrini ni nyeusi. Bodi imekufa?

Swali hili halikomi kuletwa, na kila mara na mtu ambaye hakutumia UPS. Pengine haijafa. Chipu ya BIOS haiandikwi juu ya maandishi ya zamani: kipande hufutwa kwanza, ndipo kipya kiandikwe. Umeme ukikatika hapo katikati, prosesa inaamka na kukosa maagizo yake ya kwanza. Feni hazihitaji maagizo hayo, ndiyo maana zinazunguka.

Tazama nyuma ya bodi. Bodi nyingi za Asus zina kitufe cha BIOS FlashBack, MSI wana Flash BIOS, Gigabyte wana Q-Flash Plus. Kitufe hicho hakitegemei BIOS iliyoharibika. Huandika chipu upya hata bila prosesa wala RAM.

Tuseme ni Asus. Fomati flashi kwa FAT32, weka faili ya bodi yako hasa, uipe jina kwa BIOSRenamer inayokuja nayo. Zima kompyuta lakini acha umeme ukiingia. Chomeka flashi kwenye tundu lililoandikwa jina la kitufe, si tundu lolote, kisha shikilia kitufe sekunde 3 hadi taa imulike mara tatu. Taa ikizimika yenyewe, kazi imekwisha. Ikimulika sekunde 5 kisha ikaganda, haikuanza: kagua jina la faili na fomati.

Bodi isiyo na kitufe mpelekee fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Muulize volti kwanza, kwa sababu kuna chipu za 1.8 na za 3.3, na ya 1.8 ikipewa 3.3 inaweza kuungua.

Bodi yangu ni rev 1.1, nimepata faili ya rev 1.0 tu. Niweke?

Usiweke.

SHA-256 ya faili imelingana na ya tovuti. Ni salama?

Umethibitisha tu kwamba faili imefika nzima. Aliyevamia tovuti atabadilisha faili na namba yake pamoja. Kinachozuia faili ya kughushi ni sahihi ya kidijitali, ambayo bodi yenyewe hukagua kabla ya kuandika. Ikikataa faili, usitafute mbinu ya kuilazimisha. Hiyo ndiyo kinga yako. Nayo ina mpaka: mwaka 2023 funguo za siri za MSI za kutia sahihi zilivuja. Basi pakua kwa mtengenezaji peke yake, hata kama faili ya kwingine "ina sahihi".

Nimesasisha vizuri, lakini Windows inadai ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48.

TPM imeona BIOS imebadilika na inagoma kufungua diski. Ufunguo utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft. Usifomati diski kwa hasira! Mara ijayo, kabla ya kusasisha, fungua PowerShell kama msimamizi:

```
Suspend-BitLocker -MountPoint "C:" -RebootCount 1
```

BitLocker itajirudisha yenyewe baada ya kompyuta kuwaka upya mara moja. Kama usasishaji wako unawasha upya mara mbili, andika 2.