Maua makubwa au madogo kwa gauni la mama?

"Kati ya vitenge viwili vya picha hizi mbili, kipi kitapatana na mtandio wa kijani wa mama? Fundi wa Ngamiani anasubiri."

Dada, aliyesema maua makubwa hayafai gauni amepatia nusu, kwani kinachoamua ni upana wa kipande kitakachokatwa. Picha ya kwanza inaonyesha maua matano ukingo hadi ukingo. Kitenge kikiwa cha inchi 45, kila ua na nafasi yake huchukua inchi 9, hivyo kifuani yataenea mawili tu na mikunjo ya pensi za kifua itayakata, ingawa sketi itayabeba vizuri sana. Kuhusu rangi bado nasita, kwa sababu picha ya pili imepigwa chini ya taa, na hata ukingo mweupe wenye maandishi umegeuka manjano. Mwombe muuzaji avitandaze vyote viwili mlangoni, kivulini, pamoja na mtandio.