Riba na mshahara vimezidi faida, napunguza wapi?

Swali: "Wakuu, jedwali la ubia nimelipiga picha hapo juu. Faida halisi ni 15,000,000, ila riba ya mtaji na mshahara wa B jumla ni 18,000,000. Hela haitoshi. Nipunguze mshahara?"

Mshahara usiuguse, ndugu yangu. Kama mkataba haukusema kwamba riba na mshahara vitatoka tu faida ikitosha, kila mmoja anaandikiwa haki yake yote, na upungufu unabebwa na mstari wa mwisho, ule wa uwiano.

Kwenye picha yako A ana mtaji wa shilingi 40,000,000 na B 20,000,000. Riba ni 10%, kwa hiyo A anapata 4,000,000 na B 2,000,000. Mshahara wa B ni 12,000,000. Ukitoa hizo kwenye faida unabaki na hasara ya 3,000,000, nayo inagawanywa 3:2 kama ambavyo faida ingegawanywa: A anabeba 1,800,000, B 1,200,000. Mwisho A anabaki na 2,200,000 na B 12,800,000. Jumlisha, unarudi kwenye 15,000,000 yako.

Sasa itazame picha tena. Kivuli cha simu kimeangukia mstari wa mwisho, mabano ya hasara hayaonekani, nawe ukazisoma 1,800,000 na 1,200,000 kama nyongeza. Ndiyo maana jumla yako imefika 21,000,000. Imezidi kwa 6,000,000, yaani mara mbili ya ile 3,000,000. Tofauti ikiwa mara mbili ya tarakimu iliyopo kwenye jedwali, mimi hushuku alama kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine.

Kama hili ni duka la kweli na si zoezi la darasani, fungua pia daftari la matumizi. Nimeshika vitabu vya duka la vitenge hapa Arua, la wabia wawili. Mmoja alikuwa akichukua mshahara wake kila mwisho wa mwezi, na kijana wa kaunta akauandika pamoja na mishahara ya wafanyakazi. Faida ikaja imeshapunguzwa, nami kwenye mgawanyo nikautoa tena. Mwenzake alinuna wiki nzima, na alikuwa na haki.

Kwa tarakimu zako, kama ile 12,000,000 imo kwenye matumizi, irudishe kwanza. Faida inakuwa 27,000,000, na baada ya riba na mshahara inabaki 9,000,000 ya kugawana. A anapanda hadi 9,400,000, B 17,600,000. Zile pesa B alizokwisha chukua zinaandikwa kwenye akaunti yake kama alizotoa, hazirudi tena kwenye jedwali hili.