Kreatini kwa mrushaji: tufe si sawa na mkuki

"Narusha tufe na mkuki, nina kilo 80. Nikianza kreatini wiki mbili kabla ya mashindano nitarusha mbali zaidi?"

Wiki mbili hazitoshi, ndugu. Mrusho wenyewe huisha ndani ya sekunde moja au mbili, na akiba ya nguvu iliyomo kwenye misuli inautosha hata bila kreatini. Faida yake iko kwenye chuma: unapochuchumaa na uzito, seti ya nne inakupa marudio mawili ambayo zamani yalikushinda. Hayo yakijumlishwa kwa miezi ndiyo yanayozaa nguvu. Kwa hiyo anza mwanzoni mwa msimu wa maandalizi.

Gramu 5 kila siku zinatosha. Misuli itajaa baada ya wiki nne hivi. Ukitaka haraka, gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku tano hadi saba, kisha urudi kwenye 5. Wengine huharisha kwa njia hiyo, na mimi sioni haraka ya nini.

Kilo moja au mbili zitaongezeka mapema, na hizo ni maji ndani ya misuli. Kwenye tufe hazina shida. Kwenye mkuki zipime: rekodi video ya mbio zako kabla na baada ya mwezi. Ukiona hatua za mwisho zimepungua kasi, au unafika alama yako ukiwa umechelewa, rekebisha alama mazoezini, siyo siku ya mashindano.

Nunua kreatini tupu iliyopimwa na maabara huru. Kreatini yenyewe haijakatazwa michezoni, bali dawa zilizokatazwa zilizochanganyika ndani ya kopo ndizo husababisha watu kufungiwa.