Kuomba sadaka mwishoni mwa video

“Bwana asifiwe, Baba Mchungaji. Kwaya yetu hapa Goma inachanga pesa ya bati 40 za kanisa. Vijana wanataka kila video imalizike hivi: ‘Usipite bila kuandika Amina, tuma kwa watu 10, panda mbegu yako leo upokee muujiza.’ Moyo wangu unakataa. Tuseme nini?”

Mama, moyo wako umeona vizuri. Kuomba si kosa. Paulo aliwaomba Wakorintho waziwazi mchango wa ndugu wa Yerusalemu, hata akawatajia ukarimu wa Makedonia ili kuwaamsha. Ila kiasi alikiachia moyo wa kila mtu, “si kwa huzuni, wala si kwa lazima” (2 Wakorintho 9:7).

Vijana watakujibu kwa mstari wa 6, wa apandaye haba. Wasomeeni mpaka wa 12. Mavuno anayoyataja pale ni mazao ya haki, uwezo wa kuwa wakarimu zaidi, na shukrani kwa Mungu. Aliyedhani karama ya Mungu hupatikana kwa pesa ni Simoni wa Samaria, na Petro alimkemea vikali (Matendo 8:20).

Kuhusu watu 10, mjane mmoja aliwahi kuniuliza kama mtoto wake hakupona malaria kwa sababu yeye alikosa mega za kutuma video. Neno hilo bado linaniuma. Basi kila sentensi mnayoandika, mfikirieni asiyeweza kuitii: inamwacha na nini? Ikimwacha na hofu, ifuteni.

Mimi ningesema hivi: “Bati za kanisa letu zimetoboka kwa kutu, kama za wengi wanaoishi chini ya volkano ya Nyiragongo. Tunahitaji 40, tumepata 22. Bei ya bati moja mnaiona hapa. Ukiweza na ukipenda, tuma kwenye namba hii. Kabla ya namba ya siri hakikisha limetokea jina la mtunza hazina wetu. Usipoweza, wimbo huu ni wako vilevile. Ukimjua aliyefiwa ambaye ungemfariji, mtumie.” Kuhusu maombi, ombeni jambo ambalo mtu atalifanya simu ikiwa imezimwa: “Ombea familia moja ya mtaa wako, kwa jina.” Amina ya kweli itakuja yenyewe.

Pesa ihesabiwe na watu wawili, hesabu isomwe kanisani. Paulo naye alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:20).

Kisha angalieni ujumbe unaorudi. Watu wakianza kuandika “nisameheni, sina kitu”, maneno yenu yamewabana. Yarekebisheni siku hiyohiyo. Na bati ya 40 ikinunuliwa, ondoeni namba ya simu kwenye video zote.