Rudisheni "m" katika "njia impasayo"

*Swali: Mithali 22:6 inasema "Mlee mtoto katika njia impasayo". Mchungaji wetu anasema hiyo ni njia ya Mungu. Mwalimu wa mwanangu anasema ni njia ya kipaji cha mtoto. Nani yuko sahihi?* (Msomaji, Dodoma)

Kiebrania kinawapa wote wawili pa kushika. Maneno yake ni *hanokh lanaar al pi darko*, na *darko* ni "njia yake", basi. Neno la kupasa halimo. Wafasiri ndio waliolitia. Mchungaji anaisoma kuwa njia anayotakiwa kuishika, mwalimu anaisoma kuwa njia inayolingana na alivyo. Yupo na wa tatu, anayeisikia kama onyo: mwache mtoto afuate njia yake mwenyewe, na uzeeni hataiacha. Huyo naye ana hoja, kwa kuwa mstari wa 15 wa sura hiyohiyo unasema ujinga umefungwa moyoni mwa mtoto.

Ila umeniandikia "impasayo", na kwa hilo nakushukuru, maana wengi siku hizi wanasema "njia ipasayo". Juzi nimeiona imechorwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa shule ya chekechea, herufi kubwa kama kichwa cha mtoto, na "m" haipo. Inaniudhi kweli. Tazama neno lenyewe: *i* ni njia, *m* ni mtoto, *pasa* ni kitenzi, *yo* inarudi kwenye njia. Ukiitoa *m* umemtoa mtoto. "Njia ipasayo" ni njia inayofaa kwa jumla, ambayo mtu mzima yeyote anaweza kuiamua bila hata kumtazama mtoto aliye mbele yake. Na *m* hiyo ndiyo pekee inayobeba ile "yake" ya Kiebrania. Kitenzi chenyewe kimechaguliwa vizuri: nguo yaweza kumpasa mtu, na wajibu pia waweza kumpasa, kwa hiyo mchungaji na mwalimu wote wanapata nafasi. Aliyefuta *m* amewafukuza wote wawili.

"Mlee" nalo ni finyu kidogo. *Hanakh* ndicho kitenzi cha kuweka wakfu nyumba mpya katika Kumbukumbu la Torati 20:5, na ndiko lilikotoka jina la Hanuka, sikukuu ya Wayahudi. Kwa hiyo humo mna kuanzisha, si kulisha na kukuza tu. *Naar* naye ni mpana: Musa akilia kisandukuni ni *naar*, na Yusufu wa miaka 17 ni *naar*. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, Kidushin 30a, mstari huu unatumiwa kwa vijana wa kuozwa; rabi mmoja anasema kati ya miaka 16 na 22, mwingine 18 na 24.

Ukinibana, nitasimama karibu na mwalimu, kwa sababu *al pi* maana yake ni "kwa kadiri ya", na kadiri hiyo ni ya mtoto. Mchungaji simkatazi kuhubiri anavyohubiri. Ukuta ule ndio nataka upakwe rangi upya.