Hisa 600 zimekuwa 900, mbona bei imeshuka?

Nina hisa 600 za kampuni moja hapa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Jana bei ilifunga 2,400, leo asubuhi naona 1,600. Wanasema ni bonasi, hisa moja kwa kila mbili. Bonasi gani hii inayonipunguzia pesa? (Mama wa duka, Mbagala)

Pole kwa mshtuko, mama, lakini pesa yako ipo. Jana ulikuwa na hisa 600 kwa shilingi 2,400, jumla 1,440,000. Kwa bonasi hiyo unaongezewa hisa 300, unakuwa na 900. Zidisha 900 kwa 1,600, utarudi kwenye 1,440,000 ileile.

Bei haikuanguka kwa sababu watu wamekimbia. Imerekebishwa, kwa kuwa kampuni nzima sasa imegawanywa katika hisa nyingi zaidi kuliko jana. Kampuni haikupata hata shilingi moja mpya, haikununua mashine wala kufungua tawi. Kilichobadilika ni idadi ya vipande. Wewe unajua biashara ya kanga: doti ni kanga mbili zilizoshikana. Ukiikata, una vipande viwili na kila kimoja bei yake ni nusu ya doti. Mteja akiuliza bei ya kipande, hutasema kitambaa kimeshuka bei.

Hesabu ya kutabiri bei mpya ni hiyohiyo kila mara: thamani ya jana, gawa kwa idadi mpya ya hisa. Hapa ni 1,440,000 gawa kwa 900. Soko likifunguliwa, bei inaweza kucheza juu au chini ya 1,600 kama siku nyingine yoyote. Ikifika 1,560 siku hiyo, ulichopoteza ni shilingi 40 kwa hisa, si 840.

Nimefanya hesabu yako, lakini kwenye simu naona hisa 600 tu, na thamani 960,000. Hizo 300 ziko wapi? (Kijana wa Sinza)

Swali hili ndilo lililonifanya niandike safu nzima juu ya jambo moja, maana hapa ndipo watu wanaumia kweli.

Bei hubadilika siku moja, hisa mpya huingia siku nyingine. Kampuni hutangaza tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Aliyemo kwenye daftari siku hiyo ndiye mwenye haki ya bonasi. Kwa kuwa hisa ukinunua leo haziingii kwa jina lako leo leo, huchukua siku kadhaa za kazi, soko hutangaza pia siku ya mwisho ya kununua hisa zikiwa bado na haki ya bonasi. Kuanzia siku inayofuata, anayenunua ananunua hisa tupu, na bei hushuka asubuhi hiyohiyo. Hisa za bonasi zenyewe huingizwa kwenye akaunti za wanahisa baadaye, baada ya daftari kufungwa na orodha kuhakikiwa.

Kwa hiyo kuna siku kadhaa ambazo simu yako inazidisha bei mpya kwa idadi ya zamani. Inakuonyesha 960,000, na inakosea kwa 480,000. Hizo 480,000 ni hisa zako 300 ambazo bado ziko njiani.

Jirani yangu wa Tegeta aliwahi kukumbwa na hali hii. Aliiona ile namba nyekundu, akampigia dalali wake saa nne asubuhi na kumwambia auze zote 600. Akapokea 960,000 ukitoa ada, akalala akijua amepigwa theluthi ya akiba yake. Siku chache baadaye akaunti yake ikaonyesha hisa 300 za kampuni ileile aliyodhani ameachana nayo. Haki ya bonasi ilikuwa yake tangu siku ya mwisho ya haki ilipopita akiwa bado na hisa, hata kama aliziuza kesho yake. Hakupoteza kitu isipokuwa ada ya dalali na usingizi. Lakini aliuza kampuni aliyoitaka kwa sababu ambayo haikuwepo, na hilo linaniuma hadi leo.

Angalia pia kitu kingine kwenye simu hiyohiyo. Kama ulinunua kwa 1,800, simu inaweza kukwambia una hasara ya 200 kwa kila hisa. Rekebisha bei yako ya kununulia: ulitoa 1,080,000 kwa hisa 600, sasa pesa ileile imekununulia 900, yaani 1,200 kila moja. Ukilinganisha na 1,600, uko kwenye faida ya 360,000, sawasawa na juzi. Andika bei hiyo mpya kwenye daftari lako mwenyewe, usingoje mfumo ukufanyie.

Na kama ulimwachia dalali oda ya kununua kwa 2,000 ukisubiri bei ishuke, mpigie kabla ya siku ya bei mpya aifute. Ile 2,000 ilikuwa rahisi kwa hisa ya 2,400. Kwa hisa ya 1,600, ni ghali kupita kiasi.

Kuna tofauti gani kati ya bonasi na kugawanya hisa? Dalali wangu anayataja kama kitu kimoja. (Mwalimu, Temeke)

Kwa mfuko wako ni kitu kimoja. Tofauti iko kwenye vitabu vya kampuni, na inafaa kuijua kwa sababu utaikuta kwenye taarifa ya mkutano mkuu.

Kila hisa ina thamani iliyoandikwa kwenye katiba ya kampuni, ambayo mara nyingi haina uhusiano wowote na bei ya sokoni. Chukua kampuni yenye hisa milioni 100, kila moja imeandikwa shilingi 20. Mtaji wake wa hisa ni bilioni 2. Pembeni ina faida ya miaka iliyopita ambayo haikugawiwa, tuseme bilioni 6. Jumla ya mali ya wanahisa ni bilioni 8.

Ikigawanya kila hisa kuwa nne, inakuwa na hisa milioni 400 za shilingi 5. Mtaji unabaki bilioni 2, faida iliyolimbikizwa inabaki bilioni 6. Hakuna kilichohama.

Ikitoa bonasi ya hisa moja kwa mbili, ile shilingi 20 haiguswi. Hisa mpya ni milioni 50, na kila moja lazima iwe na shilingi 20 nyuma yake. Hivyo bilioni 1 inatolewa kwenye faida iliyolimbikizwa na kuandikwa kwenye mtaji: sasa mtaji ni bilioni 3, faida iliyobaki bilioni 5. Jumla bado ni bilioni 8.

Kuhama huko kuna maana moja. Faida iliyolimbikizwa inaweza kutolewa kama gawio, lakini ikishaingia kwenye mtaji imefungwa humo. Kampuni inayotoa bonasi inasema pesa hii itabaki kazini. Haisemi ina fedha taslimu benki, maana faida ya miaka mingi huenda zamani iligeuka kuwa majengo, magari na mikopo kwa wateja.

Nikiwa na hisa nyingi si gawio langu nalo litaongezeka? (Msomaji, Kigamboni)

Si lazima. Gawio hutangazwa kwa kila hisa, na bodi inajua fika kwamba hisa zimeongezeka. Kama mwaka jana ulipata shilingi 90 kwa hisa 600, ulipokea 54,000. Mwaka huu kampuni ikitaka kulipa kiasi kilekile, itatangaza 60 kwa hisa, nawe kwa hisa 900 utapata 54,000.

Ila zipo kampuni ambazo baada ya bonasi huacha gawio la kila hisa palepale. Ikibaki 90, wewe unapokea 81,000, na hilo ni ongezeko la kweli. Lakini limetoka kwenye uamuzi wa kulipa zaidi, si kwenye bonasi, na kampuni ingeweza kulifanya kwa kutangaza 135 kwa hisa za zamani. Ukisoma kwamba gawio limeshuka kutoka 90 hadi 60, uliza kwanza kama hisa ziligawanywa au bonasi ilitolewa katikati.

Kama hakuna kinachobadilika, kwa nini wanajisumbua? Na mbona Marekani hisa zikigawanywa watu hushangilia? (Fundi simu, Kariakoo)

Sababu kubwa ni urahisi wa kununua na kuuza. Benki ya Equity ya Kenya mwaka 2009 iligawanya kila hisa kuwa 10, idadi ikatoka kama milioni 370 hadi bilioni 3.7. Mwenye kipato kidogo aliweza kuingia kwa sehemu ya kumi ya fedha aliyohitaji awali. Kwenye soko dogo kama letu, ambako hisa za baadhi ya kampuni hupitisha siku bila muamala, hisa yenye bei ya chini inaweza kupata wanunuzi wengi zaidi. Hilo ni faida halisi siku unapotaka kuuza.

Huko Marekani, Nvidia iligawanya hisa moja kuwa 10 mwezi Juni 2024. Ijumaa ilifunga kwenye dola 1,209 hivi, Jumatatu ilikuwa ikiuzwa kama dola 120 na ushee. Shangwe zilizoizunguka zilitokana na mauzo ya chipu zake yaliyokuwa yakipaa, na bei ilikuwa imepanda sana kabla ya kugawanywa. Kampuni hugawanya hisa kwa sababu bei imepanda, ndiyo maana hisa zilizogawanywa huonekana kama zina bahati. Usinunue kwa sababu ya tangazo la kugawanya peke yake.

Nina hisa 605. Nusu ya 605 ni 302 na nusu. Hiyo nusu hisa naipata wapi? (Mstaafu, Ubungo)

Hupewi nusu hisa, mzee wangu. Waraka wa kampuni husema mapema itakuwaje: ama inaachwa, ama inaongezwa kuwa hisa kamili, ama vipande vyote vinakusanywa, vinauzwa na kila mtu analipwa chake. Kwa bei ya 1,600 tunazungumzia shilingi 800, lakini isome hiyo aya.

Nimepata barua ya hisa stahiki. Hiyo nayo ni bonasi? (Muuguzi, Ilala)

Hapana, dada. Hisa stahiki unalipia kwa fedha yako, kwa kawaida chini ya bei ya soko, na kampuni inapata mtaji mpya. Ukiacha bonasi bila kufanya lolote, inakufuata yenyewe. Ukiacha hisa stahiki bila kulipia wala kuuza haki yako, sehemu yako katika kampuni inapungua kweli. Angalia tarehe ya mwisho kwenye barua hiyo leo.